Gemu Inakataa Kuingia: Mabaki ya Programu za Zamani Ndani ya Windows

Dalili zake hazibadiliki sana. Unafungua kizinduzi, yaani ile programu inayokuingiza kwenye akaunti yako kabla ya gemu yenyewe kuanza. Unaandika barua pepe na nywila, unabonyeza kitufe, na kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka mpaka unachoka. Pengine unaletewa ujumbe kwamba kuna hitilafu, jaribu tena baadaye. Wakati huohuo YouTube inacheza kwenye kompyuta ileile, WhatsApp inapokea ujumbe, na rafiki yako wa mtaa wa pili yumo ndani ya gemu hiyohiyo kwa mtandao wa kampuni hiyohiyo.

Wengi wakifika hapo hufuta kizinduzi na kukipakua upya. Wengine huifuta na gemu yenyewe, na kama ni gemu ya GB 40 au 80, bando la mwezi mzima linateketea. Wanasakinisha, wanaandika nywila, na kiduara kiko palepale. Inaumiza, hasa kwa kijana aliyejinyima kununua bando hilo, kwa sababu kizinduzi hakikuwa kibovu. Kinachokizuia kimeandikwa kwingine ndani ya Windows, na aliyekiandika ni programu ambayo huenda ilishafutwa zamani. Kusakinisha gemu upya hakugusi maandishi hayo hata mara moja.

Maandishi yenyewe hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni faili liitwalo hosts. Ya pili ni mipangilio ya proksi. Nitazieleza zote mbili kwa kutumia Minecraft, kwa kuwa ni gemu inayochezwa na watoto na wakubwa, na kwa kuwa safari yake ya kuingia ina vituo kadhaa vinavyosaidia kuonyesha mahali pa kukwama.

Tuanze na hosts. Kompyuta haisafiri kwa majina. Ukiandika jina la seva, kwanza jina hilo lazima ligeuzwe kuwa anwani ya namba, na kazi hiyo hufanywa na seva za DNS zilizo nje ya nyumba yako. Lakini kabla ya kuuliza nje, Windows hutazama daftari lake dogo la ndani, lililo kwenye `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`. Jina likiwemo humo, Windows huchukua anwani iliyoandikwa na haiulizi mtu mwingine. Utaratibu huu ni wa kale kuliko DNS yenyewe. Enzi za ARPANET, orodha ya kompyuta zote za mtandao ilikuwa faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kila kituo kililazimika kulinakili. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS kwa sababu faili hilo lilikuwa limezidiwa. Orodha kuu ikaachwa, lakini faili la ndani likabaki kwenye kila kompyuta, na bado lina kauli ya kwanza.

Kauli hiyo ndiyo iliyozivutia programu za kila aina. Programu ya kuzuia matangazo huandika humo majina elfu kadhaa ya seva za matangazo na kuyaelekeza kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo maana yake ni kompyuta hii hii. Ombi linajigeukia lenyewe, na tangazo haliji. Programu za kuizuia Windows isitume taarifa za matumizi kwa Microsoft hufanya vivyo hivyo. Na programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, ambazo kwa bahati mbaya zimo kwenye laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa kwetu, huandika humo majina ya seva za mwenye programu ili isiweze kuuliza kama leseni ni halali. Baadaye programu inafutwa, au laptopu inauzwa. Mistari inabaki, kwa kuwa kuondoa programu si lazima kuondoe ilichoandika nje ya folda yake.

Basi hebu tuangalie Minecraft. Microsoft ilitangaza kuinunua Mojang, kampuni ya Stockholm iliyoitengeneza, mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Zamani mchezaji aliingia kwa akaunti ya Mojang, na kizinduzi kiliongea na seva iitwayo `authserver.mojang.com`. Akaunti hizo zilihamishiwa Microsoft, na muda wa kuhama ulikwisha Septemba 2023. Tangu hapo safari ni ndefu zaidi. Kwanza unathibitishwa kwenye `login.live.com`, ambako ndiko nywila inakopokelewa. Kutoka hapo kizinduzi kinapeleka kibali chako kwenye huduma za Xbox, zikiwemo `user.auth.xboxlive.com` na `xsts.auth.xboxlive.com`. Mwisho kinafika `api.minecraftservices.com`, ambako kinaulizwa kama kweli akaunti hiyo imenunua gemu.

Mlolongo huu ukiujua, kiduara kinaanza kukueleza kitu. Ukurasa wa nywila usipofunguka kabisa, mtuhumiwa ni kituo cha kwanza. Nywila ikikubaliwa, pengine hata ukatumiwa namba ya uthibitisho kwenye simu, kisha ndipo kiduara kikazunguka bila mwisho, basi akaunti yako haina neno na `login.live.com` inapatikana. Kizuizi kiko mbele yake. Kubadilisha nywila hakutasaidia, ingawa ndilo jambo la pili ambalo watu hulikimbilia baada ya kusakinisha upya.

Laptopu moja iliyotumika niliyowahi kuifungua ilikuwa na dalili hiyo hasa: nywila inapita, halafu kimya. Kabla ya kugusa chochote, jaribio la kwanza ni kuingia na akaunti hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao uleule. Ilikubali. Hapo mtandao na akaunti vilikuwa vimeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa, ikabaki mashine. Hatua iliyofuata ilikuwa kufungua Command Prompt na kuuliza jina moja kwa njia mbili:

```
ping user.auth.xboxlive.com
nslookup user.auth.xboxlive.com
```

Amri hizi mbili zinafanana kwa juu, lakini hazipiti njia moja. Ya `ping` hutafuta jina kama programu za kawaida zinavyotafuta, kwa hiyo hupitia faili la hosts. Ya `nslookup` huliruka faili hilo na kuiuliza seva ya DNS moja kwa moja. Zikitofautiana, umeshajua kwamba kuna kitu ndani ya kompyuta kinachojibu badala ya mtandao. Kwenye laptopu ile `nslookup` ilileta anwani ya kawaida ya mtandaoni. Jibu la `ping` lilikuwa hili:

```
Pinging user.auth.xboxlive.com [127.0.0.1] with 32 bytes of data:
Reply from 127.0.0.1: bytes=32 time<1ms TTL=128
```

Mtu asiyezoea angeona hapo seva nzuri sana, inayojibu kwa chini ya milisekunde moja. Lakini kasi hiyo ndiyo inayoitoa siri. Seva ya Marekani au Ulaya haiwezi kukujibu Dar es Salaam au Mombasa kwa muda huo. Laptopu ilikuwa inajipigia yenyewe na kujipokelea. Kitu cha kusoma kwenye `ping` ni ile anwani iliyo ndani ya mabano. Usisumbuliwe sana na kama jibu limerudi au la, kwani seva nyingi kubwa zimepangwa zisijibu ping hata zikiwa nzima.

Niongeze tahadhari moja. Amri mbili zikileta anwani mbili tofauti, zote za mtandaoni, hiyo peke yake si ushahidi. Huduma kubwa zina anwani nyingi na hutoa hii leo na ile kesho. Kinachothibitisha ni faili lenyewe, nalo unaweza kulichungulia bila kulifungua:

```
findstr /i "mojang minecraft xbox live.com" C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts
```

Isiporudisha kitu, majina hayo hayamo. Ikirudisha mistari, itazame inaanzaje. Mstari unaoanza na alama ya `#` ni maelezo tu, Windows haiusomi. Mistari isiyo na alama hiyo ndiyo inayofanya kazi. Ndani ya laptopu ile ilikuwapo ya aina hii, katikati ya mamia mengine:

```
127.0.0.1 vortex.data.microsoft.com
127.0.0.1 user.auth.xboxlive.com
127.0.0.1 authserver.mojang.com
```

Mstari wa kwanza unazuia taarifa za matumizi ya Windows, na hauidhuru gemu. Wa pili ndio uliokuwa umeikaba. Aliyeweka orodha ile alitaka kuzuia kila kitu cha Microsoft, na wakati anaiweka huenda hakuna aliyeumia, kwa sababu Minecraft ilikuwa bado inaingilia kwa akaunti za Mojang. Gemu ilipohamia Microsoft, mstari uliokuwa hauna madhara ukageuka ukuta. Ndiyo maana watu huapa kwamba hawajabadilisha kitu kwenye kompyuta zao, na ni kweli hawajabadilisha.

Mstari wa tatu unatoka kizazi kingine, cha vizinduzi vya wizi vilivyokwepa ukaguzi wa akaunti. Sasa hauzuii kuingia, kwa kuwa seva hiyo haimo tena kwenye safari. Ila penye mstari huo mara nyingi pana mwenzake, `sessionserver.mojang.com`, na huyo bado ana kazi: ndiye anayethibitisha jina lako unapojiunga na seva ya kuchezea na wenzako. Akizibwa, utaingia kwenye kizinduzi vizuri kabisa, utacheza peke yako bila shida, na ukijaribu kujiunga na wengine utaambiwa seva za uthibitisho hazipatikani.

Kuna hali moja ambayo mtu asiichukulie wepesi. Ukikuta jina la Mojang au Microsoft limeelekezwa kwenye anwani ya mtandaoni badala ya 127.0.0.1 au 0.0.0.0, maana yake maombi yako ya kuingia yalikuwa yanapelekwa kwenye seva ya mtu mwingine. Baadhi ya zana za kugawana akaunti zilifanya kazi hivyo. Ziliandika anwani ya seva yao kwenye hosts, na ili Windows isipige kelele, zikasakinisha pia cheti cha usalama cha bandia. Hapo kufuta mstari hakutoshi. Fungua `certmgr.msc`, tazama vyeti vilivyomo kwenye Trusted Root Certification Authorities kama kuna kilichowekwa na zana hiyo, kisha badilisha nywila ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Kwa laptopu ya mitumba yenye dalili hizo, mimi ningesakinisha Windows upya na kuanza safi. Seva hiyo ya nje ikiwa imeshakufa, utaiona pia kwa namna kiduara kinavyochelewa: Windows husubiri takriban sekunde 20 kwa kila jaribio la kuunganisha kabla ya kukata tamaa, na kizinduzi hujaribu tena na tena.

Kusahihisha faili si kazi kubwa, ila kuna mahali watu wanateleza. Tafuta Notepad kwenye menyu ya Start, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Run as administrator. Bila ruhusa hiyo utaweza kusoma lakini hutaweza kuhifadhi. Ukifungua folda ya `etc` ndani ya Notepad itaonekana tupu, kwa sababu Notepad inaonyesha faili za `.txt` pekee na hosts halina kiambishi chochote. Badilisha chaguo la chini liwe All Files. Kabla ya kuhariri, nakili faili zima uliweke pembeni. Kisha usifute mistari. Weka `#` mwanzoni mwa kila mstari unaoutilia shaka. Ukikosea, kuirudisha ni kuondoa alama moja.

Sogeza faili hadi mwisho kabisa, hata kama linaonekana limekwisha. Baadhi ya programu huacha mistari mingi mitupu halafu zikaandika yao chini, mahali ambapo jicho halifiki. Unapohifadhi, hakikisha jina limebaki `hosts` na si `hosts.txt`, kwani likiwa na kiambishi hicho Windows italipuuza na faili la zamani litaendelea kutawala. Baadaye safisha kumbukumbu ya majina:

```
ipconfig /flushdns
```

Funga kizinduzi kabisa kupitia Task Manager, si kwa kubonyeza alama ya X tu, kwa kuwa vizinduzi vingi hubaki vikifanya kazi chinichini. Kisha kifungue upya.

Je, mistari mingine mamia ifutwe? Sioni sababu. Kama ni ya kuzuia matangazo na haikusumbui, iache. Ila ujue kwamba tangu mwaka 2020 Microsoft Defender hulitilia shaka faili la hosts linalozuia seva za Microsoft. Huliita `HostsFileHijack`, na ukiiruhusu isafishe, italirudisha faili zima kwenye hali ya kiwandani. Kama ndani mna mistari uliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya kazi, nayo itaondoka.

Sasa proksi. Hii ni seva ya katikati: badala ya programu kwenda moja kwa moja mtandaoni, hupeleka ombi kwa proksi, nayo ndiyo inayokwenda. Programu nyingi za kukwepa vizuizi hutumia njia hii. Hujiweka ndani ya kompyuta yako kwenye 127.0.0.1 na mlango wenye namba fulani, huielekeza Windows ipitishe kila kitu hapo, kisha husafirisha maombi hadi nje ya nchi. Januari 2021, serikali ya Uganda ilipofunga mitandao ya kijamii kuelekea uchaguzi, watu walikimbilia programu za namna hii na VPN, na si wote waliozizima vizuri baadaye. Programu ikifungwa kwa utaratibu hurudisha mipangilio kama ilivyokuwa. Umeme ukikatika, kompyuta ikiganda, au mtu akiifuta ikiwa bado imewashwa, agizo linabaki: pita mlango wa 8080. Na nyuma ya mlango huo hakuna mtu.

Agizo hilo linaonekana kwenye Settings, Network & internet, Proxy. Chini ya Manual proxy setup ukikuta Use a proxy server imewashwa na anwani ni 127.0.0.1, uliza kama kuna programu inayosikiliza kwenye mlango ulioandikwa hapo. Kama ni 8080:

```
netstat -ano | findstr :8080
```

Ukiona mstari wenye neno LISTENING, kuna programu hai, na namba ya mwisho ya mstari ni kitambulisho chake, ambacho utakitafuta kwenye Task Manager, sehemu ya Details. Usipouona, agizo ni la programu iliyokufa. Lizime. Tazama pia Use setup script palepale, kwa kuwa baadhi ya programu huacha anwani ya faili la maelekezo badala ya namba ya mlango.

Lakini mtu atauliza, na ni swali zuri: proksi ikiwa imekufa, mbona kivinjari kinafanya kazi? Mara nyingi hakitafanya. Chrome itakuonyesha `ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED`, na hapo hakuna fumbo. Fumbo linakuja kwa sababu Windows ina mahali pa pili pa kuhifadhi proksi, paitwapo WinHTTP, panapotumiwa na huduma za chinichini na baadhi ya vizinduzi, na vivinjari havipasomi. Ukurasa wa Settings utakuonyesha kila kitu kimezimwa, YouTube itacheza, na kizinduzi kitaendelea kugonga mlango usio na mtu. Pachungulie hivi:

```
netsh winhttp show proxy
```

Jibu safi ni `Direct access (no proxy server)`. Ukipewa anwani badala yake, na si kompyuta ya kazini, fungua Command Prompt kama administrator na uandike `netsh winhttp reset proxy`. Mahali pa tatu ni vigeu vya mazingira, ambavyo watu wanaojifunza kuandika programu huviweka wakasahau. Amri ya `set | findstr /i proxy` itakuonyesha kama kuna `HTTP_PROXY` au `HTTPS_PROXY`.

Nimesema kama si ya kazini kwa makusudi. Ofisi na vyuo vingi hupitisha mtandao wote kwenye proksi halali yenye anwani ya ndani kama 10.x.x.x au jina la taasisi. Ukiizima hutapata gemu, na mtandao wenyewe utapotea, kisha utaenda kwa fundi wa chuo kujieleza. Kinachotiliwa shaka ni 127.0.0.1 isiyo na programu nyuma yake, au anwani usiyoifahamu kwenye kompyuta yako ya nyumbani.

Na kama hosts ni safi na proksi zote tatu ni safi, acha kuchimba hapo. Tazama saa ya kompyuta. Laptopu iliyotumika ambayo betri ndogo ya ubao wake imekufa hurudi nyuma miaka kadhaa kila inapokosa umeme, na kompyuta yenye tarehe ya uongo huviona vyeti vya usalama vya seva za kuingilia kuwa si halali, hivyo kuingia kunashindikana. Kisha unganisha kwa mtandao wa simu badala ya ule wa nyumbani. Ikiingia hapo, tatizo liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma.

Ikifanikiwa, kazi haijaisha siku hiyohiyo. Zima kompyuta, iwashe, na rudia amri ya `findstr` na ile ya `netsh`. Mistari ikiwa imerudi, programu iliyoiandika bado ipo na inajianzisha kila Windows inapowaka. Fungua Task Manager, sehemu ya Startup apps, uizime humo, kisha iondoe kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, ndipo uhariri faili kwa mara ya pili.